Umefeli mtihani: jinsi ya kuifungua karatasi bila kujichapa

Mtu aliyefeli mtihani na anayetakiwa kuurudia anahitaji kujua jambo moja kabla ya mengine yote: alama zake zilipotelea wapi. Jibu liko kwenye karatasi yake mwenyewe iliyosahihishwa, na hiyo karatasi ndiyo kitu asichotaka kukiona. Anaikunja, anaitia chini kabisa ya begi, kisha wiki tatu baadaye anaanza kusoma upya tangu sura ya kwanza, kwa hasira, usiku kucha, kana kwamba hakuna alichowahi kukijua. Siku ya kurudia inamkuta amechoka, na makosa yake yaleyale bado anayo, kwa sababu hakuwahi kuyatazama.

Mwongozo huu unahusu siku chache zinazofuata matokeo mabaya, mpaka pale unapokuwa na mpango wa jaribio la pili. Ninachoshikilia ni hiki: upole kwa nafsi yako una kazi mahususi katika siku hizo. Unapunguza maumivu kiasi cha kukuwezesha kuitazama karatasi kwa macho makavu. Kujilaumu kunayaongeza maumivu hayo, na mtu anayeumia hukimbia kinachomuumiza.

Hili limepimwa. Mwaka 2010, Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walichapisha utafiti uliofuatilia wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza waliokuwa na mitihani miwili ya katikati ya muhula. Wengi walikuwa wameahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza. Wale waliojisamehe kwa kuahirisha huko waliahirisha kidogo zaidi walipojiandaa kwa mtihani wa pili, na sababu iliyoonekana ni kwamba hisia zao mbaya zilikuwa zimepungua. Ukikaa na hatia, kila unapogusa kitabu hatia inaamka, basi unakiacha kitabu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2012, Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, Berkeley, waliwapa wanafunzi mtihani mgumu wa msamiati uliowashinda. Kundi moja liliambiwa kwamba kutatizwa na mtihani wa namna hiyo ni jambo la kawaida, wasijihukumu vikali. Kundi la pili lilisifiwa: lazima mna akili, maana mmeingia chuo hiki. Kundi la tatu halikuambiwa kitu. Kisha wote wakaachwa wasome kwa muda waupendao kabla ya mtihani wa pili. Walioambiwa maneno ya upole ndio waliosoma kwa muda mrefu zaidi, kuwazidi hata waliosifiwa. Kumbuka tofauti hiyo kati ya upole na sifa, kwa sababu tutaihitaji katika hatua ya tatu, utakapojiandikia barua.

Hatua ya kwanza: usiku wa matokeo usiamue chochote

Habari mbaya inapofika, mwili unaipokea kama hatari. Moyo unakwenda mbio, tumbo linakaza, usingizi unapaa. Paul Gilbert, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyeanzisha tiba inayojengwa juu ya huruma, anaeleza kwamba ndani yetu kuna mfumo wa kujikinga na hatari na mfumo mwingine wa kutulia, na kwamba sauti kali tunayojisemesha wenyewe huuchochea ule wa hatari vilevile kama sauti kali ya mtu mwingine. Maana yake ni kwamba ukijitukana usiku huo, unajitisha mara ya pili.

Akili iliyo kwenye hatari mara nyingi hutafuta kupigana au kukimbia. Ndiyo maana usiku wa matokeo watu huapa viapo vikubwa (kuanzia kesho nitaamka saa kumi alfajiri kila siku) au huamua kuacha kabisa. Viapo na uamuzi wa kuacha vyote vinatoka chungu kimoja. Jiwekee kanuni moja: hakuna ahadi, hakuna ratiba mpya, na hakuna uamuzi wa kuacha mpaka umelala angalau usiku mmoja.

Kinachofaa kufanywa usiku huo ni cha mwili. Kaa, weka kiganja kifuani, na upumue polepole kwa dakika tano, ukivuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Hiyo ni takribani pumzi sita kwa dakika. Kule kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo. Ukiwa na mtu unayemwamini, mwambie tu kwamba umefeli na inauma. Usimwombe ushauri bado. Ukifika hapo, inatosha kwa siku ya kwanza.

Hatua ya pili: yaandike maneno ya mlaumu kama yalivyo

Siku inayofuata, chukua kalamu na karatasi. Andika kile ambacho mlaumu, yaani sauti ya lawama iliyo ndani yako, anakuambia kuhusu kufeli huku, kwa maneno yaleyale, hata kama yanatia aibu. Usiyasafishe. Mtu anayejilaumu huwa hayasikii maneno yake sawasawa kwa sababu ameyazoea, na yakishaonekana kwenye karatasi ndipo anapogundua kwamba asingethubutu kumwambia hivyo ndugu yake.

Sasa zipitie sentensi moja moja na ujiulize: hii inasema juu ya nilichofanya, au inasema juu ya nilivyo? "Sikufika swali la tano" inasema juu ya kitendo. "Mimi ni mjinga wa hesabu" inasema juu ya mtu mzima, tangu azaliwe hata afe. Zile za kitendo zihifadhi, zitakufaa kesho. Zile za mtu mzima zipigie mstari wa pembeni na uziache. Usibishane nazo. Ukianza kujithibitishia kwamba una akili, utajikuta mahakamani siku nzima, ukiwa mshtakiwa na wakili wa huyohuyo mshtakiwa.

Kwa nini tunajisumbua na hili? Kwa sababu sentensi ya aina ya pili haina kazi ya kukupa. Mtu aliye mjinga wa hesabu afanye nini Jumatatu asubuhi? Hakuna jibu. Mtu asiyefika swali la tano anajua pa kuanzia.

Hatua ya tatu: barua fupi, kwa dakika chache

Mwaka 2003, Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha kipimo cha huruma kwa nafsi kilichoigawa katika sehemu tatu: kujitendea wema badala ya kujihukumu, kutambua kwamba wengine pia hupitia haya badala ya kujitenga, na kuyaona maumivu kwa kiasi chake badala ya kuzama ndani yake. Barua yako itakuwa na sehemu hizo tatu, kisha ya nne nitakayoiongeza mimi.

Katika mojawapo ya majaribio ya Breines na Chen, watu waliandika kwa dakika tatu tu, wakijiambia maneno ya upole na uelewa juu ya udhaifu wao. Basi usiifanye iwe insha. Jiandikie kwa jina lako na kwa "wewe", kana kwamba unamwandikia mwenzako wa karibu aliyefeli mtihani huohuo. Watu wengi wana ujuzi kamili wa kumfariji mwenzao, lakini hujinyima wenyewe ujuzi huo.

Anza kwa kulitaja tukio kwa kiasi chake: nini kimetokea na kinauma wapi. Kisha taja kwamba wengine hufeli mtihani huu na kuurudia. Usiseme "kila mtu hufeli", maana hutaiamini, sema lile unalolijua kuwa kweli. Kisha andika neno moja la wema ambalo linaweza kusimama mbele ya ukweli. Mwisho, na hapa ndipo ninapoongeza sehemu ya nne, andika kazi moja ya wiki hii: kuifungua karatasi, siku fulani, saa fulani.

Huu ni mfano wa barua isiyofaa: "Usijali, wewe ni hodari, mtahini ndiye mbaya, safari ijayo utang'aa." Hiyo ni sifa, na sifa huvunjika mara tu unapoiona alama iliyoandikwa juu ya karatasi. Mtu aliyejisifu hivyo ana sababu mpya ya kuikimbia karatasi, kwa kuwa karatasi inamkanusha.

Na huu ni mfano wa inayofaa: "Umepata 38 na ulihitaji 50. Inauma, hasa kwa sababu uliwaambia watu umejiandaa. Wapo wengi waliorudia somo hili kabla yako. Ulisoma kweli, ingawa haikutosha au haikuelekezwa mahali pake, bado hatujui ni ipi. Jumamosi saa tatu asubuhi utaifungua karatasi kwa saa moja, utazame alama zilipotelea wapi. Siku hiyo hutahukumu, utahesabu tu."

Barua hiyo haijaficha alama, na haijaongopa kuhusu maandalizi. Ukiona barua yako inakwepa namba, iandike upya.

Hatua ya nne: fungua karatasi na uhesabu

Hapa ndipo kazi yote ilipokuwa ikielekea, na hapa nitakaa kwa muda.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyepata hizo alama 38 katika somo la takwimu. Mtihani ulikuwa wa saa tatu, maswali matano, kila moja alama 20. Alipata 14 katika swali la kwanza, 11 la pili, 6 la tatu, 7 la nne, na la tano hakuligusa. Mlaumu wake ana maelezo mafupi: hajui takwimu. Na ana dawa moja: asome zaidi, alale kidogo.

Sasa anakaa na karatasi. Kwa kila alama iliyopotea anajiuliza imepotea kwa njia ipi kati ya nne: sikujua, nilijua lakini nilikosea njiani, nilisoma swali vibaya, au muda uliisha. Anachora safu nne na kuanza kujaza.

Swali la tano ni rahisi kuainisha. Alama zote 20 zinaingia kwenye safu ya muda. Akikumbuka vizuri, anaona kwamba alikaa kwenye swali la tatu zaidi ya saa nzima, akifuta na kuandika upya.

Swali la tatu lenyewe lilihusu kupima dhana, na hapo alipoteza alama 14. Anajiuliza kwa uaminifu: hata ningepewa siku nzima, ningelijibu? Hapana. Zote 14 zinakwenda kwenye safu ya kutojua.

Swali la nne lilihusu uwezekano wa kuchomoa mipira kutoka kwenye mfuko bila kuirudisha. Yeye alikokotoa kana kwamba mpira wa kwanza ulirudishwa mfukoni kabla ya kuchomoa wa pili, yaani idadi ya mipira haikupungua katika hesabu yake. Njia yake ni sahihi kwa swali tofauti. Alama 8 zinaingia kwenye safu ya kusoma vibaya, na 5 zilizobaki, za kipengele cha mwisho, hakukijua.

Katika swali la kwanza na la pili alipoteza jumla ya alama 15. Tisa kati yake ni makosa ya njiani: alama ya kutoa iliyogeuka kujumlisha, desimali iliyohama, jibu la kikokotoo lililonakiliwa vibaya. Sita hakujua.

Anajumlisha safu. Kutojua: 25. Muda: 20. Makosa ya njiani: 9. Kusoma vibaya: 8. Jumla ni 62, na ukiiongeza kwenye 38 inatimia 100.

Tazama jinsi picha ilivyobadilika. Zaidi ya nusu ya alama zilizopotea, 37 kati ya 62, hazikupotea kwa sababu ya kutojua. Kama angeligusa swali la tano na kupata 12 tu, angefikisha 50 bila kujifunza mada yoyote mpya. Mlaumu wake alikuwa amekosea ugonjwa, kwa hiyo na dawa pia ilikuwa ya kukosea: kusoma usiku kucha hakumfundishi mtu kuliacha swali linalomla muda, na uchovu huongeza makosa ya njiani.

Kwa hili nina msimamo mkali. Watu hutetea kujilaumu kwa kusema kwamba angalau ni ukweli mchungu. Kwenye karatasi hii ulikuwa mchungu bila kuwa ukweli. Sauti ya lawama haijawahi kuhesabu, inatoa hukumu ya jumla na kufunga faili.

Mambo mawili ya kiutendaji. La kwanza, fanya kazi hii kwa vipande vya dakika 25 hivi, halafu simama utembee kidogo. Ukigundua umesoma mstari mmoja mara tatu bila kuuelewa, au umeanza kusema "ningejua hata hilo dogo", mlaumu amerudi. Isome tena ile barua, pumua kama usiku wa kwanza, kisha endelea na alama inayofuata. La pili, kama taasisi yako hairudishi karatasi za majibu, jiandikie maswali kutoka kwenye kumbukumbu mapema iwezekanavyo baada ya mtihani, yajibu upya bila kitabu, kisha ujisahihishe. Kumbukumbu ya ulivyogawa muda wako inaweza kupotea upesi, kwa hiyo anza na hiyo.

Hatua ya tano: mpango unaotoka kwenye safu, si kwenye hasira

Kila safu ina dawa yake. Mwanafunzi wetu anaanza na muda kwa sababu ni safu kubwa yenye dawa ya haraka. Mtihani una dakika 180. Anatenga 15 za kusoma maswali mwanzoni na kukagua mwishoni, zinabaki 165, yaani dakika 33 kwa kila swali. Anafanya mitihani ya miaka iliyopita kwa saa mezani, na dakika ya 33 ikifika anahama, hata kama sentensi imekatika.

Kuhama ni kugumu kuliko kunavyosikika, na hapa maandalizi ya aina fulani yanasaidia. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1999, alionyesha kwamba nia yenye umbo la "ikitokea hivi, nitafanya hivi" hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. Basi mwanafunzi hajiambii "nitazingatia muda". Anaandika: "Dakika 33 zikiisha na sijamaliza, nitaacha nafasi na kufungua swali linalofuata." Kwa safu ya kusoma vibaya anaandika: "Kabla ya kukokotoa, nitapigia mstari maneno yanayoweka sharti, kama bila kurudisha, angalau, kabla ya." Kwa makosa ya njiani: "Nikimaliza kipengele, nitaangalia alama za kutoa na desimali kabla ya kuendelea."

Safu ya kutojua ndiyo inayohitaji kitabu, na sasa anajua kurasa zipi. Anajifunza kupima dhana, anaanza na mifano iliyofanywa, kisha anafunika jibu na kujaribu mwenyewe.

Hatua ya sita: upole ndani ya chumba cha mtihani

Hili halihitaji maneno mengi. Akili ina nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja: namba hii, kanuni ile, hatua inayofuata. Wasiwasi na matusi ya ndani hukaa kwenye nafasi hiyohiyo. Ukikwama katikati ya swali na kuanza kujiambia "si nilisema, unafeli tena", tayari una watu wawili wanaogombania meza moja.

Andaa sentensi moja mapema, fupi, ambayo utajiambia ukikwama. Mwanafunzi wetu alichagua "Hili ni gumu, hama". Iseme katika kila mtihani wa mazoezi, ili siku yenyewe isiwe ngeni. Sentensi unayoijaribu kwa mara ya kwanza chumbani haina nguvu yoyote.

Yanayoharibika, na namna ya kuyatambua

Hatari inayotajwa zaidi ni kwamba upole utageuka kuwa kisingizio. Hofu hiyo haina msingi kwa watu wengi, lakini si ya kupuuzwa. Levi Baker na James McNulty, katika utafiti wa mwaka 2011 uliohusu makosa katika mahusiano ya mapenzi, waliona kwamba miongoni mwa wanaume wasio na tabia ya bidii na uangalifu, kujihurumia kuliendana na kupungua kwa hamu ya kurekebisha makosa. Mitihani ni jambo tofauti, ila tahadhari inabaki: upole hauizalishi bidii mahali ambapo haipo kabisa.

Kwa hiyo jipime kwa kitendo, achana na kujipima kwa hisia. Umeifungua karatasi ndani ya wiki moja? Safu nne zimejazwa? Kama umeandika barua tatu nzuri na karatasi bado iko chini ya begi, unachofanya ni kujibembeleza. Acha kuandika, mwite mtu mmoja akae nawe mezani, na ifungueni pamoja. Yeye asome alama, wewe ujaze safu.

Tatizo la pili huwashangaza watu. Kwa baadhi, maneno ya upole huuma kuliko matusi. Wanaandika mstari mmoja wa wema na machozi yanakuja, au wanahisi kichefuchefu, au hasira. Gilbert na wenzake walilichunguza jambo hili, na mwaka 2011 wakachapisha vipimo vya hofu ya huruma, kwa sababu waliona wapo watu wanaoiogopa kweli, hasa wenye tabia kali ya kujishutumu. Mtu aliyelelewa kwa kukaripiwa anaweza kuusikia upole kama dalili kwamba adhabu iko karibu. Kama ni wewe, ruka maneno ya wema kwa sasa. Andika barua ya haki badala ya barua ya huruma: yaliyotokea, bila tusi na bila faraja, kama ambavyo mtu wa kando angeripoti. "Amepata 38. Hakufika swali la tano." Lugha ya namna hiyo inatosha kukufikisha mezani, na wema unaweza kuja baadaye, kidogo kidogo.

Tatizo la tatu ni imani kwamba lawama ndiyo injini yako. Utasikia: mimi nikijilegezea nalala, mijeledi ndiyo iliyonifikisha hapa. Sitabishana na historia ya mtu, lakini ninaomba kipimo kidogo. Kwa wiki mbili za maandalizi, andika kila jioni mambo mawili: ulijisemeshaje leo, na ulifanya maswali mangapi ya mazoezi mpaka mwisho, ukajisahihisha. Usihesabu saa ulizokaa na kitabu, maana mtu mwenye hofu anaweza kukaa saa tano akigeuza kurasa. Hesabu maswali yaliyosahihishwa. Huenda ukaona kwamba siku za matusi makali zina saa nyingi na maswali machache. Kama kwako ni kinyume, utakuwa umejifunza kitu cha kweli juu yako.

Na kuna mpaka ambao mwongozo huu hauuvuki. Kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumedumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kama huli au hulali, au kama sauti ya lawama imeanza kukuambia kwamba ingekuwa afadhali usingekuwepo, barua na safu si kazi yako ya sasa. Nenda kwa mhudumu wa afya au mtaalamu wa afya ya akili, na kwa hilo la mwisho nenda leo hiihii, ukiwa na mtu. Mtihani utasubiri.

Ukifeli tena

Inatokea, na ndipo watu wengi huirarua barua. Fanya kazi ileile, ila safari hii linganisha safu na safu, usiishie kwenye jumla.

Tuseme mwanafunzi wetu anapata 47. Kwa macho ya mlaumu amefeli mara mbili. Anajaza safu: muda 4, kusoma vibaya 3, makosa ya njiani 10, kutojua 36. Alama zilizopotea kwa muda zimeshuka kutoka 20 hadi 4, na kwa kusoma vibaya kutoka 8 hadi 3. Mipango ile miwili imefanya kazi na aiendeleze. Makosa ya njiani hayajapungua, kwa hiyo njia yake ya kukagua haimsaidii na aibadilishe: badala ya kuangalia kila kipengele kikiisha, akokotoe upya jibu la mwisho kwa njia nyingine pale inapowezekana. Safu ya kutojua imepanda kutoka 25 hadi 36, na hili lisimtishe kabla hajaangalia sababu. Mara ya kwanza hakuligusa swali la tano, kwa hiyo pengo lake la maarifa katika mada hiyo lilikuwa limejificha ndani ya safu ya muda. Sasa amelifikia, na limeonekana. Kwa mara ya kwanza, "soma zaidi" imekuwa ushauri sahihi, na inajulikana ni mada zipi mbili. Anaandika barua yake ya dakika tatu, anataja 47, anataja mada hizo mbili, na anaweka siku na saa ya kuanza na ya kwanza.